Chifu Kaingia Ulezini

Kwaya yetu pale Gulu, kaskazini mwa Uganda, ni ya Waswahili wa kuokotezana: Wanubi wawili watatu, wafanyabiashara wa sokoni waliotoka Kenya, mafundi cherehani, na mwalimu ambaye ni sajenti mstaafu. Tunamwita Afande, na kama jina lilivyo, habishiwi. Mimi ni besi, kazi yangu kunguruma.

Tukaalikwa nyumbani kwa rwot, yaani chifu wa Waacholi, aliyekuwa anahamia boma jipya. Afande akachukua wimbo wake wa zamani wa Kiswahili, muziki akauacha vilevile, maneno akayageuza yawe Kiacholi. Mstari wa kiitikio ukawa "Rwot odonyo i kal": chifu kaingia bomani. Silabi sita, noti sita: do, mi, mi, fa, so, kisha do ya juu kwenye "kal", ishikiliwe mapigo manne mpaka mishipa ya shingo ionekane.

Kwa Kiswahili isingekuwa shida. Sisi tuna mkazo tu, silabi ya pili kutoka mwisho. Nyumba uipandishe, uishushe, itabaki nyumba. Kiacholi ni lugha ya toni. "Kal" ya sauti ya chini ni boma. "Kal" ya sauti ya juu ni ulezi, ile nafaka ya uji.

Basi tukasimama na sare zetu, Afande akashusha mkono, nasi tukamtangazia chifu, mbele ya wazee wake wote, kwamba kaingia kwenye ulezi. Mapigo manne. Bibi mmoja mstari wa mbele akashika fimbo yake, akaanza kuipunga huku na huku: "Shii! Shii!" Mbuzi akiingia shambani hufukuzwa hivyohivyo. Hema zima likaangua kicheko. Afande, akidhani wimbo umekubalika, akatuashiria turudie.

Wakati wa chakula, mama mmoja mwimbaji, mzaliwa wa hapohapo, akatuita nyuma ya masufuria. Akasema mstari kwa mazungumzo ya kawaida, mara ya pili akaumumunya mdomo umefumbwa, sauti ikabaki bila maneno. Ndipo tukasikia: mwishoni yeye hushuka, sisi tulikuwa tunapaa.

"Mama, kwa hiyo kila noti ifuate toni?" Afande akauliza.

"Hapana, Afande. Hata sisi hatuimbi hivyo. Neno likipita haraka katikati ya mstari, watu wanajua unasema nini. Na ukikaa kwenye noti ileile, hawakasiriki. Ila usipande pale neno linaposhuka, halafu ukalishikilia mwishoni wote walisikie."

Tena, akasema, noti yenyewe kuwa ya juu au ya chini si hoja. Mwanamke na mwanamume hawaongei kwa sauti sawa lakini wanaelewana. Sikio linapima neno dhidi ya lile lililotangulia. Basi so ikabaki kwenye "i", na "kal" ikashushwa hadi do ya chini. Akina mama wakaimba, boma likasikika safi.

Tukaongeza besi. Yule mama akainamisha kichwa kwenye sufuria, mabega yakitikisika. Sisi besi tulikuwa tunamaliza kama vitabu vya kwaya vinavyofundisha, so ya chini kupanda hadi do. Kwa hiyo akina mama walikuwa wameshafika bomani, wanaume bado tuko ulezini. Tukaamriwa tuache ufundi, tuwafuate wao oktavu moja chini, tushuke wote. Nilisikitika kidogo, ile so kupanda do ndiyo starehe pekee ya besi.

Ikabaki beti ya pili, muziki uleule: "Rwot, wan wakelo bel", chifu, tumeleta nafaka. Afande akaimba peke yake, kwa kujiamini kwa mtu aliyekwisha kurekebishwa. Mwisho wake sasa unashuka, sivyo? Na "bel" inataka juu. Ikishuka ni makunyanzi.

"Afande," mama akasema, "sasa umemletea mzee mikunjo ya uso."

Muziki uliotibu beti ya kwanza uliua ya pili. Nyimbo za misheni zilizotafsiriwa kwa lugha kama hizi zina ugonjwa uleule: beti tano, muziki mmoja, na toni za kila beti zina mpangilio wake. Mama alitaka beti ya pili iwe na mwisho wake, unaopanda. Afande akakataa, eti jeshi haliwezi kuwa na mwendo tofauti kwa kila kikosi.

Jioni tuliimba beti ya kwanza, na ya pili Afande aliisema kwa kupaza sauti, amesimama mkakamavu, kama anasoma amri za gwaride. Ilieleweka neno kwa neno. Kisha rwot akamtuma kijana aje atuambie kwamba anaomba ule wa asubuhi, wa ulezi.