Rangi zilizochanganywa, na ufunguo ulioibwa baadaye: hoja ya benki dhidi ya TLS 1.3

Septemba 2016, BITS, chombo cha teknolojia cha taasisi kubwa za fedha za Marekani, kiliwaomba wahandisi waliokuwa wakiandaa TLS 1.3, toleo jipya la itifaki inayofunga mawasiliano kati ya kivinjari na seva, wasiiondoe njia ya zamani ya kukubaliana ufunguo kwa RSA. Hawakukubali. Toleo hilo lilipotoka Agosti 2018, njia ile haikuwemo. Naona walifanya sawa, ingawa benki zilikuwa na hoja nzito.

Katika njia ya zamani, kivinjari kilitunga namba ya siri, kikaifunga kwa ufunguo wa wazi wa seva, ambao kilichofungwa nao hufunguliwa kwa ufunguo binafsi wa seva tu, kisha kikaituma. Funguo zote za mazungumzo yale zilitokana na namba hiyo. Kwa hiyo mwenye ufunguo binafsi wa seva aliweza kufungua mazungumzo yoyote yaliyorekodiwa, hata ya miaka mitatu nyuma. Benki zilinufaika na hilo: nakala ya data ilipelekwa kwenye mashine ya ukaguzi yenye ufunguo uleule, wakagundua wizi au sababu ya muamala kukwama bila kugusa mfumo unaohudumia wateja.

Njia mbadala ilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na hueleweka vizuri kwa rangi. Asha na Juma wanakubaliana hadharani kutumia rangi ya njano. Asha anaongeza nyekundu yake ya siri, Juma bluu yake. Wanabadilishana michanganyiko mbele ya watu wote, kisha kila mmoja anaongeza siri yake kwenye kile alichopokea. Wote wanapata rangi moja, na siri zenyewe hazikupita njiani.

Mfano huu una udhaifu ambao husemwa mara chache. Mdukuzi akichanganya ile michanganyiko miwili iliyopita njiani, anapata rangi inayokaribia sana ile ya siri, imezidi njano tu. Kwa namba, kukaribia hakumsaidii. Tuchukue namba tasa 23 na msingi 5. Asha anachagua 4: 5 kwa kipeo cha 4 ni 625, na ukigawa kwa 23 baki ni 4. Juma anachagua 3: anapata 125, baki 10. Wanatumiana 4 na 10. Asha anapandisha 10 kwa kipeo cha 4, Juma anapandisha 4 kwa kipeo cha 3, na wote wanapata baki 18. Mdukuzi akizidisha 4 kwa 10 anapata 40, baki 17. Imepungua moja tu, lakini ufunguo uliokosewa kwa moja haufungui chochote. Kwa namba ndogo hizi anaweza kujaribu vipeo vyote. Kwa namba tasa ya biti 2048 hawezi.

Rangi pia hazisemi nani aliyezituma. Ndiyo maana seva hutia saini kwa ufunguo wake wa kudumu, la sivyo mtu wa katikati angekubaliana na kila upande kivyake. Ila ufunguo huo sasa kazi yake ni saini tu. Siri za muda, kama 4 ya Asha na 3 ya Juma, hutungwa upya kwa kila muunganisho na kufutwa. Aprili 2014, kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu ya TLS inayotumiwa na seva nyingi, ilipojulikana kuwa inaweza kuvujisha ufunguo binafsi kutoka kwenye kumbukumbu ya seva, tofauti ilikuwa kubwa. Mwenye ufunguo ulioibwa angeweza kujifanya seva kuanzia siku hiyo, mpaka cheti kibatilishwe, lakini rekodi za jana za seva iliyotumia siri za muda zingebaki zimefungwa.

Kinga hii, hata hivyo, ina tegemeo moja: kufuta kweli. Katika TLS 1.2, seva nyingi humpa mteja tiketi ya kurudia mazungumzo, iliyofungwa kwa ufunguo mmoja wa tiketi. Ufunguo huo ukikaa miezi bila kubadilishwa, anayeuiba anafungua rekodi za kipindi chote hicho. Na ujumbe uliohifadhiwa wazi ndani ya seva haulindwi kabisa.

Benki zina haki kusema ukaguzi sasa ni ghali: lazima ufanyike kwenye seva yenyewe, au funguo za kila muunganisho zitolewe na kutunzwa. Mwaka 2018 ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ilichapisha toleo lake la TLS ambamo seva hurudia siri ileile ya Diffie-Hellman. Linawafaa wakaguzi, lakini linarudisha hatari ya zamani, na mteja hana njia rahisi ya kujua. Gharama ya ukaguzi inapaswa kubaki kwa benki. Wizi wa ufunguo humfikia mteja ambaye hakuulizwa.

Kama unasimamia seva, jaribu amri hii, ukiweka jina la seva yako mahali pa example.org:

```
openssl s_client -connect example.org:443 -tls1_2 -cipher kRSA
```

Ikijibu `handshake failure`, imeikataa njia ya RSA. Ikiunganisha, bado inaikubali, na mteja wa zamani akiitumia, mazungumzo yake yatafunguka siku ufunguo utakapoibwa.