Picha Mbili Zikikaribiana, Tuseme Zimekaribiana

Majaji watano wanapewa picha mbili, kila mmoja aweke alama kati ya 100. Wastani unatoka: ya kwanza 84.6, ya pili 84.2. Ya kwanza inatangazwa mshindi na habari inaishia hapo. Ukirudi kwenye jumla, 84.6 ni alama 423 na 84.2 ni alama 421, kwa hiyo zimetenganishwa na alama mbili tu kati ya 500. Jaji aliyeipa picha ya pili 82, angeipa 85 tu, wastani wake ungepanda kwa 0.6 na mshindi angebadilika. Na hakuna jaji wa picha, hata awe hodari kiasi gani, anayeweza kukueleza 82 inatofautianaje na 85. Kesho mwonyeshe picha ileile, atakupa namba nyingine.

Ile desimali haikutoka machoni mwa jaji. Imetokana na kugawanya kwa tano. Ndiyo maana nashikilia kwamba kutangaza matokeo ya namna hii bila neno lingine ni kumdanganya msomaji, hata kama hesabu yenyewe ni sahihi. Ila siwaungi mkono pia wanaokwepa kwa kusema "zote ni nzuri, haziwezi kulinganishwa". Aliyeomba picha zipangwe anahitaji mpangilio. Apewe, na aambiwe kila nafasi imeshikiliwa kwa uhakika kiasi gani.

Picha zinazokaribiana mara nyingi ni ndugu: fremu za kikao kimoja, mtu yuleyule, mwanga uleule. Chukua fremu nne za uso wa mtu mmoja, tuziite A, B, C na D. Katika A fokasi imekaa sawasawa kwenye kope za jicho la karibu, lakini mdomo umekaza kidogo. Katika B tabasamu limefunguka, ila fokasi imeteleza nyuma hadi kwenye sikio. Ukiikuza picha mpaka asilimia 100 kope zinaonekana zimelainika. C iko katikati kwa mambo yote mawili, na D imekatwa vibaya juu ya kichwa. Kati ya A na B, anayependa ukali atakwenda A na anayependa hisia atakwenda B. Kumwomba mtu atoe alama ya 1 hadi 100 hapa ni kumwomba abuni namba. Muulize swali analoweza kulijibu kwa macho: kati ya hizi mbili, ipi ungeichagua?

Njia hii ya kulinganisha jozi ni ya zamani. Mwanasaikolojia Louis Thurstone aliiwekea msingi wa hesabu mwaka 1927, na bado inafaa kwa sababu haimdai mtazamaji zaidi ya anachokiona. Fremu nne zinatoa jozi sita. Kila jozi iwekwe kwenye skrini moja, picha ziwe na ukubwa sawa, juu ya kijivu kilekile, na mwangaza wake usawazishwe, maana picha iliyong'aa kidogo zaidi huvuta kura zisizo zake. Kisha, na hili ndilo linaloachwa mara nyingi, kila mtazamaji aione kila jozi mara mbili: safari moja A ikiwa kushoto, safari nyingine A ikiwa kulia, na jozi nyingine ziingie katikati ili asikumbuke alichosema. Asiruhusiwe kujibu "sawa tu". Lazima achague.

Kwa nini nimnyime mtazamaji jibu la sare? Kwa sababu mpangilio wenyewe utaifichua sare bila kumuuliza. Anayeipenda A kweli ataichagua ikiwa kushoto na ataichagua ikiwa kulia. Asiyeona tofauti atabadilika pande zikibadilishwa. Ukimruhusu kusema "sawa", wapo watakaolitumia jibu hilo kila wanapochoka, na wapo ambao hawatalitumia kamwe kwa kuona aibu. Hapo utakuwa unapima tabia za watu badala ya kupima picha.

Tuseme watazamaji ni 20. Kwenye jozi ya A na B, watu 7 wamechagua A safari zote mbili, 5 wamechagua B safari zote mbili, na 8 wamegeuka. Hao 8 ndio habari kubwa ya jedwali zima. Aliyegeuka maana yake ameshika upande uleule mara mbili. Ukihesabu ukakuta 6 kati yao wameshika kushoto, umeona kwa macho yako jinsi nafasi kwenye skrini inavyoweza kujifanya sifa ya picha. Kama ungeonyesha jozi hii mara moja tu, A ikiwa kushoto, A ingepata kura zake 7 na hizo 6 za upande, jumla 13 kwa 7, na ungetangaza ushindi mzuri usiokuwepo.

Sasa 7 kwa 5 ina uzito gani? Waliogeuka tunawaweka kando, kwa kuwa hawaelemei popote, na tunauliza: kwa kura hizi, kuna uwezekano gani kwamba A ndiyo inayopendwa zaidi kwa kweli? Ukianza bila upendeleo wowote, yaani ukichukulia kila mgawanyo wa kura uliwezekana sawasawa, hesabu ni fupi:

```python
from math import comb

def uhakika(a, b):
    n = a + b + 1
    return sum(comb(n, k) for k in range(a + 1)) / 2**n

print(uhakika(7, 5))
```

Kompyuta inatoa 0.709 na mkia wake. Andika asilimia 70. Kuandika 70.9 ni kulirudia kosa lilelile tuliloanza nalo, kwani mtazamaji mmoja tu akihama kutoka A kwenda B kura zinakuwa 6 kwa 6 na uhakika unashuka hadi 50. Namba inayoporomoka hivyo kwa kura moja haina haki ya kubeba desimali.

Jozi ya B na C imetoa 14 kwa 3, waliogeuka 3: uhakika unapita 99. C na D ni 9 kwa 4, waliogeuka 7: karibu 91. Jozi tatu zilizobaki zinakubaliana na mpangilio huo kwa pengo kubwa zaidi. Basi matokeo yanaandikwa hivi: "Nafasi ya kwanza na ya pili zina A na B, A inatangulia kwa uhakika wa asilimia 70, yaani zimekaribiana sana. C ni ya tatu, na kwamba iko chini ya B hatuna shaka. D ni ya nne, kwa uhakika wa takriban asilimia 90. Watazamaji 20, kila jozi mara mbili." Hizo ni sentensi chache tu, na mhariri akisoma anajua papo hapo kwamba akiichukua B kwa sababu inakaa vizuri na kichwa cha habari, hajaasi uamuzi wa mtu yeyote. Akiichukua D, ameasi.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao nauona hata kwa watu wazoefu. Uhakika wa mpangilio si ukubwa wa pengo. Ile 91 ya C na D haisemi C ni bora sana kuliko D. Inasema tu kwamba tuna sababu nzuri ya kuamini C iko mbele, pengine kwa unywele. Ukikusanya watazamaji elfu mbili, hata tofauti ndogo isiyomhusu mtu inaweza kufika asilimia 99. Kwa hiyo weka kura zenyewe kando ya asilimia, 9 kwa 4 na waliogeuka 7, ili msomaji aone yote mawili. Idadi ya waliogeuka ndiyo inayosema pengo ni jembamba.

Wengine watauliza, kwa nini tusiongeze watazamaji mpaka A na B zitengane? Unaweza, ila ujue bei yake. Kosa la kubahatisha hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu: ukitaka liwe nusu, watu wawe mara nne. Kuutofautisha mgawanyo wa 55 kwa 45 na ule wa nusu kwa nusu kunataka karibu watu 400 wenye msimamo. Na idadi ipangwe kabla. Anayetazama matokeo kila baada ya watu watano na kusimama pale A inapotangulia vizuri, ataipata A mshindi hata kama picha zote mbili ni nakala za faili moja, kwa sababu kura za bahati hupanda na kushuka, naye amechagua kusimama kwenye kilele.

Zipo pia sare zinazokuja na sura nyingine: A inaishinda B, B inaishinda C, halafu C inaishinda A. Mduara wa namna hii ukitokea kwa kura chache chache, mara nyingi ni dalili kwamba zote tatu ziko daraja moja, na ziandikwe hivyo. Ukitokea kwa kura nyingi, 15 kwa 5 kila upande, hapo tatizo si ukaribu. Watazamaji wanatumia vigezo tofauti kwa jozi tofauti, ukali hapa, hisia pale, na namba moja ya jumla haiwezi kuwaeleza. Ligawe swali: ipi ina ukali zaidi, kisha ipi ina hisia zaidi, uwe na mipangilio miwili.

Na pale zawadi ni moja na haigawanyiki? Andikeni kanuni ya kuvunja sare kabla hata picha hazijafika: uhakika ukiwa chini ya asilimia 80, tuseme, uamuzi unakwenda kwenye kigezo kimoja kilichotajwa jina, kama fokasi kwenye jicho, au kwenye kura ya karata. Tangazo liseme wazi kwamba zilikuwa sare na A imepita kwa kanuni hiyo. Mwenye B anastahili kujua kwamba hakushindwa na macho ya watu.

Asilimia hizi zote zinawasemea watazamaji wa aina ya wale 20 tu. Wakiwa wapigapicha tu, uhakika wa 70 kwa A ni uhakika kuhusu wapigapicha, ambao jicho lao hukimbilia kope kabla ya tabasamu. Wasomaji wa kawaida, wakiiona picha kwenye simu kwa upana wa vidole vitatu, hawataiona ile fokasi iliyoteleza hata kidogo, na B inaweza kuongoza. Kwa hiyo kwenye ile taarifa ya matokeo ongeza maneno mawili zaidi: watazamaji walikuwa akina nani, na picha waliionaje.