Asilimia 51 za wanachama zina nguvu gani?

"Kaka, mimi ni mwanachama wa Simba na kadi ninayo. Kuna wanaosema timu ni ya tajiri, kuna wanaosema ni yetu. Nitajuaje mwenyewe ni nani, na hiki kitu ni kampuni, chama au udhamini?" Kijana mmoja aliniuliza hivyo kijiweni, hapa Arusha.

Uwanja hausaidii kujibu. Sheikh Amri Abeid ni mali ya CCM, na timu zinazochezea pale zina wenyewe wengine. Pale Moshi, Polisi Tanzania ilichezea Uwanja wa Ushirika ilhali timu ni ya Jeshi la Polisi. Haina wanahisa wa kutafutwa.

Kwa klabu ya wanachama, tatizo ni kwamba jina moja linaweza kubeba watu watatu mbele ya sheria. Chama chenye kadi na mkutano mkuu husajiliwa kwa Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Bodi ya Wadhamini, ambayo kwa kawaida ndiyo hushika majengo na viwanja, husajiliwa RITA. Kampuni, kama ipo, iko BRELA. Ukiona hati ya kiwanja imeandikwa "The Registered Trustees of", mali hiyo iko kwa wadhamini. Jina likiishia na "Limited", hiyo ni kampuni. Mtu akichungulia BRELA peke yake na kurudi na jibu, ameona theluthi tu ya habari.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walikubali mfumo wa hisa, na Mohammed Dewji akaahidi shilingi bilioni 20. Serikali nayo iliweka kanuni: wanachama wabaki na asilimia 51, na 49 ziende kwa wawekezaji wasiopungua watatu. Wanaosema "timu ni yetu" husimama kwenye hiyo 51, na hesabu inawabeba, lakini si mpaka mwisho.

Chukua kampuni yenye hisa 1,000. Chama kina 510, mwekezaji mmoja ana 490. Azimio la kawaida, kama kumwondoa mkurugenzi, linataka zaidi ya nusu ya kura, na chama kinashinda peke yake. Lakini kubadili katiba ya kampuni kunataka azimio maalumu, yaani robo tatu ya kura. Kura zote zikipigwa, hiyo ni 750. Chama kinakosa 240. Mwenye 490 hawezi kupitisha jambo peke yake, ila anaweza kuzuia kila badiliko kubwa, na katiba iliyoandikwa siku ya kwanza itabaki hivyo mpaka yeye akubali.

Hapo ndipo naona busara ya kutaka wawekezaji watatu. Wakigawana sawa, kila mmoja ana hisa zipatazo 163, na kuzuia azimio maalumu kunahitaji zaidi ya 250. Hakuna anayefika huko peke yake, lakini wawili wakishikana wanafika. Kwa hiyo swali la maana ni kama hao watatu ni watu watatu kweli, au ni kampuni tatu za mtu mmoja. Bayern Munich walilimaliza jambo hili kwa namna nyingine: chama cha wanachama kina asilimia 75 za kampuni, robo tatu kamili, na Audi, Adidas na Allianz wanagawana 25 zilizobaki.

Wanaosema "timu ni ya tajiri" nao wana hoja ambayo orodha ya wanahisa haionyeshi. Fedha ikiingia kama mkopo, anayedai ana sauti hata bila hisa moja. Ndiyo maana kwenye jalada la kampuni sitazami wanahisa na wakurugenzi tu, natazama pia rejesta ya rehani. Mkopo usio na dhamana hautaonekana hapo. Huo unautafuta kwenye hesabu zilizokaguliwa, ambazo mwanachama ana sababu ya kuzidai kwenye mkutano mkuu.

Mimi naegemea upande wa wanachama, kwa sharti moja. Hisa 510 ni za chama, si za mwenye kadi mmoja mmoja. Chama hupigaje kura ndani ya kampuni? Kwa mkono wa mtu aliyetumwa. Nilimwambia kijana aanzie hapo: atafute kwenye katiba ya klabu ni nani anayemteua mtu huyo, na kama mkutano mkuu unaweza kumwondoa. Kama kifungu hicho hakimo, 51 hizo ziko mikononi mwa viongozi wachache waliopo madarakani, hata kama tajiri hajagusa kitu.