Twende Wapi, Mama Hajashuka?

Ndugu zangu madereva, matatu ni ya abiria 14. Hao wanne mnaowakalisha kwenye ubao katikati ya viti, watashika nini breki ikifungwa ghafla? Wanne ni kama kilo 280 zaidi: tairi zinapata moto, gari linakawia kusimama. Kisha mnakanyaga mafuta hadi 80! Kwa mwendo huo linakula mita 22 kila sekunde, mguu hata haujafika kwenye breki.

Na pale Kongowea? Mama ana mtoto mgongoni, mguu mmoja ngazini, mmoja hewani, makanga keshagonga bodi: twende! Twende wapi? Gari lisimame kabisa, gia huru, breki ya mkono juu, mpaka miguu yake yote miwili ikanyage chini.