Barua ya kupinga kipengele kimoja cha ankara ihusu kipengele hicho tu

Ankara ya mwisho ikifika na mstari mmoja ukapishana na kotesheni iliyosainiwa, wenye nyumba wengi huandika barua ya kurasa tatu. Humo huweka milango iliyochelewa, fundi aliyejibu vibaya, rangi isiyowapendeza, na katikati ya yote hayo ndiyo fedha iliyozidi. Mkandarasi naye hujibu habari ya milango na rangi, na mstari wa fedha unabaki ulivyo. Naamini barua ya namna hii inapaswa kuwa na hoja moja tu, na isizidi ukurasa mmoja. Kasoro za kazi ziandikiwe barua yake.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kuishi ya Dar es Salaam. Kotesheni iliyosainiwa, kipengele cha 6, inasema: kumwaga jamvi la zege la unene wa sentimita 10, uwiano 1:2:4, mita za mraba 120, Sh 45,000 kwa kila mita ya mraba, vifaa na ufundi ndani yake. Jumla Sh 5,400,000. Kwenye ankara ya mwisho jamvi ni lile lile na mita ni zile zile 120, ila bei imekuwa Sh 58,000, jumla Sh 6,960,000. Tofauti ni Sh 1,560,000. Maelezo ya mdomo ni kwamba simenti ilipanda.

Kabla ya kuandika chochote, tazama kwanza kilichobadilika ni bei au ni kipimo, maana hizo ni kesi mbili. Kotesheni nyingi zina sentensi inayosema vipimo vitapimwa upya kazi ikiisha. Kama ipo, na mkandarasi amedai mita 131 badala ya 120 kwa bei ile ile ya Sh 45,000, hajavunja makubaliano. Hapo dawa ni futi kamba na watu wawili kupima vyumba pamoja, si barua ya kupinga. Katika mfano wetu kipimo hakikuguswa. Bei ndiyo iliyoguswa, na bei ilisainiwa.

Kisha pekua simu yako. Kama wakati wa kazi mkandarasi alituma ujumbe kwamba simenti imepanda na jamvi sasa litakuwa Sh 58,000, nawe ukajibu "sawa", hoja yako imepungua nguvu sana, na ni afadhali ulijue hilo kabla yeye hajakuonyesha. Tazama pia kotesheni inasemaje kuhusu mabadiliko. Ikiwa imeandikwa kwamba mabadiliko yoyote ya bei yatakuwa kwa maandishi na kusainiwa na pande zote mbili, sentensi hiyo ndiyo nguzo ya barua yako. Inukuu neno kwa neno.

Sasa hapa ndipo watu makini wanapoharibu. Ukipiga hesabu ya simenti utaona dai lenyewe halisimami. Mita za mraba 120 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 12 za zege. Kwa uwiano wa 1:2:4, kila mita ya ujazo hula mifuko sita na kidogo ya kilo 50, kwa hiyo jamvi zima, pamoja na upotevu, halifiki mbali na mifuko 80. Hata kila mfuko ungepanda kwa Sh 3,000, nyongeza ingekuwa Sh 240,000, si Sh 1,560,000. Hesabu hii ni tamu, lakini ushauri wangu ni usiiweke kwenye barua. Ukishaanza kujadili simenti ilipanda kiasi gani, umekubali kwamba bei inaweza kufunguliwa, na kilichobaki ni kupatana kiasi. Iweke akilini kwa siku ya kukaa mezani.

Barua yenyewe inaweza kusomeka hivi, chini ya anwani na tarehe:

"Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KIPENGELE CHA JAMVI KATIKA ANKARA YENU YA MWISHO

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea ankara yenu ya mwisho yenye jumla ya Sh 48,760,000. Nakubaliana na vipengele vyote isipokuwa kimoja. Kipengele cha 9 cha ankara kinatoza jamvi la mita za mraba 120 kwa Sh 58,000 kila moja. Kipengele cha 6 cha kotesheni tuliyosaini sote wawili kinaweka kazi hiyo hiyo, kwa kipimo hicho hicho, kuwa Sh 45,000. Tofauti ni Sh 1,560,000.

Kotesheni inasema mabadiliko ya bei yatakuwa kwa maandishi na kusainiwa na pande zote mbili. Sijasaini mabadiliko yoyote ya kipengele hiki. Kama mnayo hati ya namna hiyo, naomba nakala yake.

Jumla sahihi ni Sh 47,200,000. Nimekwisha lipa Sh 40,000,000, na leo nalipa salio la Sh 7,200,000. Naomba mnitumie ankara iliyorekebishwa ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Naambatisha nakala za ukurasa wa kotesheni, ukurasa wa saini na ukurasa wa ankara."

Namba za vipengele zimetajwa zote mbili kwa sababu mara nyingi mpangilio wa ankara haufuati ule wa kotesheni. Mwandishi haombi punguzo: anayeomba punguzo amekubali bei na sasa anategemea huruma. Na salio lisilobishaniwa linalipwa siku ile ile. Ukizuia fedha yote kwa ajili ya mstari mmoja, unampa mkandarasi dai la haki la ucheleweshaji. Ukilipa yote huku unanung'unika, kuirudisha Sh 1,560,000 ni kazi kubwa kuliko kutoitoa. Kwenye maelezo ya malipo ya benki andika namba ya ankara na maneno "bila nyongeza ya kipengele cha 9".

Peleka barua ofisini kwake kwa mkono ukiwa na nakala ya pili, igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea, pamoja na tarehe. Siku 14 huhesabiwa kutoka hapo. Kuituma pia kwa barua pepe ni vizuri.

Jibu utakalolipata mara nyingi ni kwamba kotesheni ilikuwa ya siku 30 tu. Siku hizo ni muda wa wewe kuikubali. Ukiwa ulisaini ndani yake, bei imeshakuwa sehemu ya mkataba, na haiishi muda katikati ya ujenzi, isipokuwa mkataba wenyewe unasema hivyo. Jibu lingine ni kugawana tofauti nusu kwa nusu. Hilo ni la uamuzi wako. Mimi ningelikataa pale ambapo bei ilisainiwa na hakuna hati ya mabadiliko.

Ankara mpya ikija, hakikisha inataja kwamba ile ya kwanza imefutwa. Kama mkandarasi amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, kodi nayo ipigwe upya juu ya kiasi kilichorekebishwa, kwa sababu mara nyingi mstari wa jamvi husahihishwa na mstari wa kodi ukaachwa na tarakimu za zamani.