Droni ikipotea hewani Lamu: irudi mara moja au imalize kazi?

"Tunapima mikoko upande wa kaskazini wa Siyu kwa droni ya mabawa. Mawasiliano hukatika ikiwa mbali. Tuiamuru irudi papo hapo, au tuiache imalize njia yake?"

Wanaotaka irudi papo hapo wana hoja nzito. Redio ikinyamaza, rubani haoni tena chaji ya betri wala mahali ndege ilipo. Ndege ndogo za abiria za uwanja wa Manda nazo hupita anga hii, na ikitokea moja inaruka chini, hakuna wa kuiambia droni ijitenge. Ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya kurusha mbali na upeo wa macho nayo haipatikani bila kueleza ndege itafanya nini ikipoteza mawasiliano.

Wanaotaka iendelee nao hawasemi ovyo. Ndege iliyo katika AUTO, yaani inayofuata njia iliyopangwa, haiongozwi na redio. Njia yote imo ndani ya kompyuta yake, na GPS yake haijui kama laptopi ya ardhini ipo au imezimwa. Tena kukatika kwingi ni kwa sekunde chache tu: ndege inapinda kona, bawa linaikinga antena, kisha mawimbi yanarudi. Ukiiamuru irudi kwa kila kukatika kwa namna hiyo, utapoteza siku nzima ya kazi.

Kwa maoni yangu, kinachoamua ubishi huu ni upepo. Tuseme droni inakwenda mita 16 kwa sekunde hewani, nayo kusi inavuma mita 8 kwa sekunde. Ikitoka Siyu kuelekea kaskazini inasukumwa, kwa hiyo inapita juu ya ardhi kwa mita 24 kwa sekunde. Ikigeuka inapigana na upepo, ibaki na mita 8 tu. Kila sekunde unayoiacha iendelee kabla ya kurudi unailipa kwa sekunde 3 za safari ya kurudi. Kungoja sekunde 20 ni mita 480 zaidi, yaani dakika nzima ya betri. Kungoja sekunde 60 ni dakika 3. Kwa kaskazi iliyo sawasawa na njia yako, hesabu inageuka: sekunde 3 za kungoja zinakugharimu sekunde 1. Ndiyo maana siamini namba moja ya kungoja inayowekwa mara moja na kuachwa mwaka mzima. Wakati wa kusi mimi naweka sekunde 20. Wakati wa kaskazi sioni ubaya wa 45.

Lakini usirefushe muda wa kungoja ili kuficha redio mbovu. Chukua redio ya SiK ya 433 MHz, ndege ikiwa kilomita 7 mbali na mita 100 juu, antena ya ardhini ikiwa kwenye mlingoti wa mita 2. Mstari kutoka antena hadi ndege, ukifika mita 200 mbele yako, uko mita 5 tu kutoka chini. Kama hapo pana mikoko ya mita 10, mawasiliano yanapita ndani ya miti tangu mwanzo, na ndege ukiipandisha kidogo hupati nafuu. Dawa ni kuipandisha antena yako. Ikiwa juu ya sakafu ya nyumba ya ghorofa, mita 8 au 9, mstari huo unapita juu ya vilele vya miti. Hata hapo haujawa safi kabisa, kwa sababu mawimbi yanahitaji nafasi pembeni mwa mstari pia, ila tofauti utaiona.

Utajuaje kosa liko wapi? Soma RSSI, namba ya nguvu ya mawimbi yanayopokewa, ndege ikiwa kilomita 1, kisha 2, kisha 4. Kila umbali unapoongezeka maradufu mawimbi hupungua desibeli 6, na kwenye vipimo vya SiK hizo ni kama alama 11. Ukianza na 98, unatarajia 87, halafu 76 hivi. Ikishuka kwa kasi kuliko hapo, kuna kitu kati yenu. Ikishuka inavyotarajiwa na bado mawasiliano yanakatika, tazama kelele, yaani namba ya noise: mara nyingi chanzo ni kamera au waya ulio karibu na antena ya ndege. Hayo yakishakuwa sawa, unaweza kupunguza AIR_SPEED, kasi ya data ya redio, kutoka 64 hadi 32 kwenye redio zote mbili. Data itapita polepole zaidi, ila itafika mbali zaidi.

Upande wa ArduPlane, programu inayoiongoza ndege, mipangilio ninayoitetea kwa kusi ni hii:

```
FS_GCS_ENABL     2
FS_LONG_TIMEOUT  20
FS_LONG_ACTN     1
RTL_AUTOLAND     1
```

FS_LONG_TIMEOUT ni sekunde za kungoja, na FS_LONG_ACTN 1 ni kurudi. Hiyo 2 ya kwanza ndiyo wengi wanaikosa. Ukiweka 1, ndege inasikiliza tu kama ishara za uhai kutoka ardhini zinaifikia. Yaweza kutokea ikusikie vizuri huku wewe huisikii, kwa sababu ardhini kuna kelele zaidi. Hapo itaendelea na safari ikidhani mambo shwari. Ukiweka 2, inatazama pia ripoti ya redio kuhusu upande wa ardhini unavyoipokea. Kumbuka pia kwamba ndege haijui tofauti ya redio kukatika na laptopi kulala. Zima usingizi wa laptopi kabla ya kurusha.

RTL_AUTOLAND ikibaki 0, ndege hufika nyumbani na kuzunguka tu hadi betri iishe. Ikiwa 1, hufika kisha huanza kutua, ila lazima njia ya kutua iwe imepangwa kwenye misheni kwa DO_LAND_START. Hurudi kwa mstari mnyoofu, hivyo chora mstari huo kwenye ramani kwanza. Kama unapita juu ya mapaa ya Siyu, weka rally point, yaani mahali pengine pa kurudi, juu ya mkondo, iielekee hiyo. Na mawasiliano yakirejea njiani, haitaacha kurudi yenyewe. Ni juu yako kubadilisha modi.

Hoja iliyobaki kwa wale wa kuendelea ni kwamba betri ina ulinzi wake, na ni kweli: BATT_LOW_MAH, kiwango cha chaji iliyobaki kinachoiamuru ndege irudi kama BATT_FS_LOW_ACT ni 1, hufanya kazi ndani ya ndege bila redio. Lakini wengi huiweka kwa siku isiyo na upepo. Kilomita 7 dhidi ya kusi ile ni kama dakika 15. Ndege inayokula ampea 9 itatumia takribani mAh 2,200 kwa safari hiyo peke yake, hivyo kuiweka chini ya 3,000 ni kuikosesha akiba ya kutua. Ukishaiweka hivyo ndipo FS_LONG_ACTN 0, ya kuendelea na kazi, inakuwa chaguo la kujadiliwa, na hata hapo kwa kaskazi tu.

Chochote utakachochagua, kijaribu ndege ikiwa juu ya uwanja unaoiona kwa macho, katika AUTO: chomoa redio ya ardhini, hesabu sekunde, utazame kama inageuka pale ulipotarajia. Isipogeuka, rimoti bado iko mkononi.