Wafuasi 312 na swali la saa ngapi

"Kaka, nauza korosho za kukaanga hapa Mtwara, Instagram nina wafuasi 312. Wiki mbili nimeposti mara sita saa moja asubuhi na mara sita saa mbili usiku. Usiku napata wastani wa laiki 19, asubuhi 13. Nihamie usiku moja kwa moja? Na maneno ya chini ya picha nayo nayapimaje?"

Kuna watu wawili wa kumjibu dada huyu. Wa kwanza atamwambia hongera, umepima, namba zimesema, hamia usiku. Wa pili atamwambia achana na kupima, wafuasi 312 si kitu, wewe posti tu. Huyu wa pili huwa anaonekana mvivu, au mtu asiyejua biashara ya mtandaoni. Mimi naona anasikilizwa nusu. Kwenye suala la saa ana hoja nzito kuliko anavyoweza kuieleza mwenyewe.

Nilimwomba dada anipe namba zenyewe, si wastani. Za usiku zilikuwa 31, 12, 17, 14, 22 na 18. Za asubuhi 11, 16, 9, 13, 15 na 14. Ukizitazama hivyo tu, kuna moja inayokodoa macho: 31. Nikamuuliza ilikuwa picha gani. Akasema haikuwa picha, ilikuwa video fupi ya bibi yake anabangua korosho kwa mkono, masizi mpaka kwenye viwiko, huku anamsimanga mjukuu kwamba hajui kazi. Ile ya 22 nayo ilikuwa ya bibi, siku nyingine. Zile kumi zilizobaki zote ni pakiti juu ya meza.

Sasa fanya jambo dogo. Ile video ya 31 ihamishie asubuhi, na posti ya asubuhi iliyopata 11 ipeleke usiku. Asubuhi inakuwa na wastani wa 16.3, usiku 15.7. Mshindi amebadilika kwa kuhamisha posti moja tu! Tungekuwa hapa tunamshauri dada aamke mapema.

Mtu atasema hiyo ni hila, nimechagua posti ninayoitaka. Sawa, tufanye bila kuchagua. Chukua vikaratasi 12, kila kimoja andika namba yake, changanya kwenye kofia, toa sita uziite usiku, zilizobaki ziite asubuhi. Hapo saa haina kazi yoyote, ni bahati tupu. Kuna namna 924 za kugawa vikaratasi hivyo. Nilizihesabu zote: katika namna 56, tofauti ya wastani inafika sita au zaidi, upande huu au ule. Yaani bahati peke yake inakuletea matokeo kama ya dada kama mara sita katika kila mia. Si mara nyingi, nakubali. Mtu mwenye haraka angesema basi ni kweli, usiku unalipa.

Lakini kilichonikalisha chini ni kingine. Katika zile namna 56, hakuna hata moja ambayo kikaratasi cha 31 na cha 22 vimeachana. Vyote viwili vikiwa fungu moja, tofauti kubwa inaweza kutokea. Vikitengana, haitokei kabisa, hata upange zile kumi nyingine utakavyo. Kwa hiyo jaribio zima la wiki mbili, posti kumi na mbili, limesimama juu ya video mbili za bibi ambazo zote ziliangukia usiku. Dada alidhani anapima saa, kumbe alikuwa anampima bibi.

Na kwa nini video za bibi ziliwekwa usiku? Kwa sababu bibi anabangua mchana, na dada anapata nafasi ya kuikata video baada ya Isha. Hakupanga hivyo. Ndivyo majaribio mengi ya saa yanavyoharibika kwa mtu anayefanya kazi zote peke yake: kitu kizuri kinachukua muda kutengeneza, kwa hiyo kinatoka jioni, halafu sifa inakwenda kwa jioni.

Ongeza na hili. Tangu 2016 Instagram kwa kawaida haipangi posti kwa kufuata saa zilipowekwa tu, inazipanga kwa kukisia nani atapenda nini. Posti ya saa mbili usiku inaweza kumfikia mtu kesho yake akiwa kwenye daladala. Ukiingia kwenye Insights utaona saa ambazo wafuasi wako huwa mtandaoni, na hilo si bure, ila mtu kuwa mtandaoni si mtu kununua korosho. Mitandao nayo ina siku zake. Mei 12 mwaka 2024 mikongo ya baharini ilikatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima, wiki moja tu baada ya kimbunga Hidaya kupiga pwani yetu. Aliyekuwa "anapima" wiki hizo alipima mikongo na mvua. Hata bila majanga, Mtwara ya Septemba si Mtwara ya Novemba, minada ya korosho ikishaanza na pesa ikawa mikononi mwa watu. Ukilinganisha mwezi kwa mwezi, umelinganisha mifuko ya watu.

Kwa hiyo kwenye saa mimi niko na yule wa pili. Anapokosea ni pale anaposema usipime chochote.

Anayesema "pima" naye ana haki yake, ila kwa maswali makubwa tu. Kwa mwenye wafuasi wachache kuna kanuni moja rahisi: hesabu watu wa upande huu na wa upande ule, toa ndogo kwenye kubwa. Kama tofauti inazidi mara mbili ya kipeuo cha pili cha jumla yao, una kitu cha kushika. Tuseme kepsheni, yaani yale maneno ya chini ya picha, yenye bei imeleta watu 15 waliouliza, na ile ya "bei inboksi" imeleta 4. Tofauti ni 11. Jumla ni 19, kipeuo chake ni kama 4.4, mara mbili yake 8.7. Kumi na moja imepita. Lakini 9 kwa 5 haipiti, maana tofauti ni 4 na ulihitaji zaidi ya 7. Hiyo usiitangaze.

Kanuni hiyo hiyo inaonyesha pia mwisho wa uwezo wako. Kepsheni ikiwa bora mara tatu, watu ishirini wanatosha kukuonyesha. Ikiwa bora mara mbili, unahitaji kama watu arobaini. Ikiwa bora kwa asilimia ishirini tu, itabidi upate waulizaji zaidi ya 220 upande mmoja na 264 upande wa pili. Jumla ni zaidi ya 484, na wafuasi wenyewe ni 312. Maswali ya aina hiyo, kama vile emoji moja au mbili, "karibuni" au "karibu", yaache kwa wenye akaunti kubwa.

Kuna mtego hapa. Ukiipeleka kanuni hii kwenye laiki za dada itakwambia usiku umeshinda: 114 toa 78 ni 36, na kikomo ni kama 28. Inadanganya kwa sababu inahitaji kila namba iwe mtu mwingine. Tulipofungua majina, laiki 192 zilitoka kwa watu 47. Wanane kati yao walilaiki karibu kila kitu: shangazi, mabinti wawili aliosoma nao, fundi cherehani wa jirani, na wengine wa aina hiyo. Hao wangelaiki hata picha ya gunia tupu. Ukubwa mdogo una faida moja ambayo mwenye wafuasi laki moja hana, nayo ni kwamba unaweza kusoma majina yote kwa dakika tano. Itumie.

Basi jaribio ambalo ningempa dada ni hili. Kitu kimoja tu: bei ndani ya kepsheni, au bei inboksi. Picha zote ziwe za pakiti, bibi apumzike kidogo. Kila siku ya kuposti arushe shilingi. Kichwa kikitokea juu aandike "Robo kilo 8,000, Shangani na Chikongola naleta, Dar natuma kwa basi". Upande wa pili ukitokea aandike maneno yale yale bila bei, amalizie na "bei inboksi". Shilingi inaamua ili yeye asije akaipa bei siku zake nzuri bila kujijua. Afanye wiki nne, posti kama ishirini. Kwenye daftari aandike jina la kila aliyeuliza, mara moja tu hata kama ameuliza mara tatu, na alama pembeni kama amelipa. Ndugu na marafiki hawahesabiwi. Saa iwe ile ile siku zote, na aiandike namna moja. Nimeona daftari la mtu lenye "saa 2" ya Kiswahili ukurasa mmoja na "20:00" ya simu ukurasa unaofuata, mwisho wa mwezi hajui ipi ni ipi.

Alama ya malipo ndiyo itakayomwokoa, maana "bei inboksi" inaweza kuleta waulizaji wengi kuliko bei iliyo wazi. Mtu anauliza "sh ngapi", anajibiwa, ananyamaza. Akihesabu waulizaji peke yao ataona kuficha bei kumeshinda, kumbe amejiongezea kazi ya kujibu watu wasionunua. Nadhani wauzaji wengi wa huku wanaficha bei kwa sababu hiyo hasa: inboksi ikijaa inafanana na biashara. Sina ushahidi wa akaunti yake bado, ndiyo maana nataka daftari.

Na saa? Aposti saa ambayo anaweza kukaa na simu nusu saa inayofuata ili ajibu. Kwa sasa ni usiku, baada ya kufunga pakiti, kwa hiyo abaki usiku, lakini si kwa sababu ya zile laiki 19. Jaribio la kepsheni likiisha, bibi arudi. Safari hiyo video yake itoke saa moja asubuhi, kisha nyingine kama hiyo saa mbili usiku, na tuone majina mangapi mapya yanatokea nje ya wale 47.